Picha ya kikokotoo iliyokatwa juu

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinitumia picha ya kikokotoo chake, Casio ya aina ya fx-82ES. "Mjomba, hiki kimeharibika. Mwalimu amepata 14, mimi 9.476."

Swali lenyewe: umesimama mita 20 kutoka kwenye mti, pembe ya mwinuko hadi kileleni ni nyuzi 35, tafuta urefu wa mti. Alikuwa ameandika `20tan(35)`, sawasawa kabisa. Ila picha aliikata juu, na kwangu kipande hicho ndicho muhimu kuliko jibu. Nikamwambia apige tena, kioo kizima kionekane. Kumbe juu palikuwa na herufi ndogo R.

R ni radiani. Radiani moja ni kama nyuzi 57.3, kwa hiyo kikokotoo kiliona 35 kikaelewa takriban nyuzi 2,005, yaani mizunguko mitano kamili na nyuzi 205. Tanjenti ya 205 ni sawa na ya 25, hivyo mti ukapimwa kana kwamba umetazamwa kwa nyuzi 25. Ubaya wake ni kwamba mita 9.476 ni urefu wa mti unaoaminika. Ingetoka hasi, angeshtuka.

Alikuwa amemwazima rafiki yake, na kuzima mashine hakubadilishi mpangilio huo. Dawa ni SHIFT, MODE, kisha 3, na juu itokee D. Kwenye fx-82MS bonyeza MODE mara mbili, halafu 1. Kisha jaribu `sin 30`: ukipata 0.5 uko kwenye nyuzi, ukiona -0.988 bado uko kwenye radiani.

Nilidhani tumemaliza. Swali likaendelea: macho ya mtazamaji yako mita 1.5 juu ya ardhi, kwa hiyo ongeza. Picha ya pili ikaja, D ipo, jibu 14.799. Safari hii kosa lilikuwa lake:

```
20tan(35+1.5
```

Kwenye ES, ukibonyeza `tan` bano linajifungua lenyewe, na usipolifunga, kila kinachofuata kinaingia ndani. Mita 1.5 zikageuka nyuzi 1.5 na pembe ikawa 36.5. Bano la mwisho kabisa unaweza kuliacha, lakini hili la katikati haliachiki. Andika `20tan(35)+1.5` upate 15.504.

Akafunga mabano, tena kwa hasira, mawili badala ya moja. Picha ya tatu: `Syntax ERROR`. Hiyo mimi naipenda. Kati ya picha zote tatu, ni hii pekee ambayo mashine ilikiri kutoelewa. Ukibonyeza mshale wa kushoto au kulia, kasa, ile alama inayopepesa kwenye kioo, inakupeleka pale mashine ilipokwama. Akafuta bano la ziada, na picha ya nne hakuituma.