Msimwambie mgonjwa aanze upya siku ya kwanza

Wifi yangu wa Ujiji amebandua kalenda yake ukutani. Anarudia mtihani wa kidato cha nne, na alikuwa amefikisha siku 17 za kujisomea hesabu kila jioni. Malaria ikamlaza siku 4. Aliponyanyuka, mtu akamwambia tabia hujengwa kwa siku 21 mfululizo, hivyo zile 17 zimepotea. Kalenda akawashia mkaa. Iliniuma sana.

Hiyo 21 imetoka wapi? Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu kimoja jijini London walichapisha matokeo ya watu 96 waliojaribu kuzoea jambo moja la kila siku. Wa katikati alichukua siku 66. Wa haraka 18, na wa taratibu walikadiriwa 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Nakubali, mwenye nguvu zake mnyororo usiokatika unamsukuma. Aliyetoka kumaliza dawa mseto juzi, miguu bado mizito, unamkatisha tamaa.

Mwaka jana nilitoka kuugua nami nikiwa nasomea uhasibu, hapa Mwanga. Kawaida yangu ni dakika 40 baada ya chakula cha usiku. Nikaamua kuweka alama mbili: mkasi kwa dakika 40 kamili, nukta kwa kufungua daftari na kufanya swali moja tu. Saa na meza sikubadilisha, kwa kuwa mazoea hushikana na mahali na wakati. Wiki ya kwanza nilipata nukta 5, mkasi hakuna, siku 2 wazi. Ya pili nukta 4, mikasi 2. Ya tatu mikasi 3, nukta 3. Ya nne mikasi 5, nukta 2. Siku 28, wazi 4 tu.

Zawadi yangu ilikuwa kipande cha kashata ya karanga, ndani ya kopo pale pale mezani. Naweka alama, nafungua kopo. Nukta na mkasi vyote vinalipwa sawa, maana siku ya uchovu kufika mezani ndiyo kazi yenyewe. Wengi hujiahidi kitenge mwisho wa mwezi. Mwili uliochoka hauoni mbali hivyo. Na ukianza kula kashata kabla ya swali, utaona mwenyewe: daftari halifunguliwi.

Ila nukta tupu zikipita wiki mbili bila mkasi hata mmoja, usijilaumu kwa uvivu. Nenda kapime, na damu pia waangalie wingi wake.

Jumamosi nimempelekea wifi kalenda mpya. Mikasi yake 17 nimemrudishia kwa kalamu nyekundu, siku 4 za malaria nimeziacha wazi. Jioni ile akafanya swali moja la sehemu, akaweka nukta.