Ua la kwanza ndilo lililostahili kukaa mbele

Nitasema wazi ninavyoamini baada ya miaka ya kupanga na kuchapa vipeperushi hapa Mtwara mjini: ukurasa wa mbele si mahali pa kujitambulisha. Ni mahali pa kumwambia msomaji jambo moja analotakiwa kulifanya, na lini. Habari za aliyetoa kipeperushi zina nafasi yake, ila nafasi hiyo iko nyuma.

Nitaeleza kwa kazi moja niliyoishika kutoka mwanzo hadi mwisho. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho kilitaka kipeperushi cha kupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Ni karatasi moja ya A4 iliyolazwa, mikunjo miwili, kurasa sita. Maneno walikuja nayo yameshachapwa, na mapendekezo ya jalada pia: nembo tatu juu, chini yake kichwa cha herufi kubwa kinachosema “Mwongozo wa Udhibiti wa Ugonjwa wa Ubwiriunga Katika Zao la Korosho”, kisha picha ya watu wamesimama mbele ya ghala wakipokeana mfuko wa salfa.

Nilimwuliza mzee mwenyekiti, mkulima akikiona kipeperushi hiki juu ya meza ya mizani, kitamwambia nini ambacho hakijui? Ubwiriunga anaujua. Korosho anazijua. Chama ni chake. Mzee akanijibu kwa upole, “Mwanangu, lakini nembo lazima ionekane, vinginevyo watu watadhani ni tangazo la duka la dawa.” Hoja yake ilikuwa ya kweli, na sikuipuuza. Vipeperushi vya wauza pembejeo ni vingi, na mkulima ana haki ya kujua mara moja kwamba hiki hakimuuzii kitu. Basi tukakubaliana nembo moja ya chama ikae chini kabisa ya ukurasa wa mbele, upana wake kama sentimita mbili, na zile nyingine mbili zihamie mgongoni.

Sehemu ya juu ya ukurasa niliitaka ibaki kwa ujumbe, kwa sababu vipeperushi vikipangwa kwenye kiboksi au vikifungwa raba, kinachochungulia ni ile theluthi ya juu tu. Ukiweka nembo hapo, mtu haoni kingine.

Hapo ndipo na mimi nilipokosea. Jalada langu la kwanza lilikuwa na picha kubwa ya shada la maua ya mkorosho lililopakaa unga mweupe, na swali: “Maua yako yana unga mweupe?” Niliona limekaa vizuri. Nikachapa nakala chache, nikampa mama mmoja mkulima kutoka upande wa Tandahimba aliyekuja dukani kutoa fotokopi. Akakitazama, akakirudisha mezani. “Mwanangu, huu ukiuona hivi umeshachelewa. Sisi tunaanza maua yakichomoza. Hiki kinamfundisha mtu asubiri.”

Alikuwa sahihi kabisa. Salfa hukinga zaidi kuliko inavyoponya. Ugonjwa hushika majani machanga na maua katika miezi ile ya baridi kavu, kuanzia kama Juni, na unga wa salfa unatakiwa uwe umeshatua juu ya shada kabla ugonjwa haujatapakaa. Picha yangu ilikuwa inaonyesha hasara, na swali langu lilikuwa linamwita mkulima ambaye saa yake imepita. Nikabadilisha. Mbele ikakaa picha ya ncha ya tawi moja, shada bado dogo, la kijani, ndiyo kwanza linatoka katikati ya majani. Maneno sita tu: “Ua la kwanza likichomoza, anza salfa.” Picha ya ugonjwa ikaenda ndani.

Tangu siku ile, kabla sijachagua cha kuweka mbele, najiuliza msomaji atakishika kipeperushi siku gani, na siku hiyo ana jambo gani la kufanya. Hiki kilikuwa cha kugawiwa Mei. Mwezi Mei hakuna unga wa kuonyesha kwenye maua, kwa hiyo picha ya unga haikuwa na kazi mbele.

Mpangilio wa kurasa za ndani ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi, na watu wengi huuharibu kwa sababu wanaupanga kwenye kompyuta badala ya kwenye karatasi. Chukua A4 tupu, ilaze, ikunje: upande wa kulia uingie ndani kwanza, halafu wa kushoto uje juu yake. Sasa andika kwa penseli. Unaouona juu ni mbele. Geuza, huo ni mgongo. Fungua mbele kama unavyofungua kitabu. Macho yako yanakutana na kurasa mbili: kushoto ni ukurasa wa ndani wa kwanza, na kulia ni ule uliokunjiwa ndani, ambao sisi kazini tunauita ulimi. Ukurasa wa katikati bado umefichwa chini ya ulimi. Ukiinua ulimi ndipo unapata kurasa tatu za ndani zote kwa pamoja.

Kisha ikunjue karatasi yote uitazame upande wa nje. Kutoka kushoto utaona ulimi, katikati mgongo, na kulia kabisa ndiyo mbele. Mtu aliyechapa maneno yake mfululizo, ukurasa wa kwanza kushoto, wa pili katikati, wa tatu kulia, atakuta kichwa cha kazi yake kimeangukia kwenye ulimi, ndani, na mbele kumekaa katikati ya maelezo. Kazi za namna hiyo nimezipokea mara nyingi, zikiwa zimeshachapwa kwa mamia.

Maneno ya chama hayakuwa na kosa hilo, ila yalikuwa na jingine lililojificha zaidi. Hatua za kupuliza zilianza ukurasa wa ndani wa kushoto, hatua ya 1 na ya 2, zikaendelea katikati na ya 3 hadi ya 5. Kwenye ulimi waliweka historia ya chama. Kwenye kompyuta, kurasa tatu za ndani zikiwa zimetandazwa, zilisomeka bila shida. Mkononi haikuwa hivyo. Mkulima akifungua, anasoma hatua ya 2, kisha jicho linavuka kwenda kulia, na kulia ni ulimi. Kutoka kupima salfa anatumbukia kwenye mwaka wa kusajiliwa chama. Kijana mmoja niliyempa asome kwa sauti alifanya hivyo hasa, akanyamaza, akageuza karatasi huku na huku kutafuta hatua ya 3.

Ukurasa wa ndani wa kushoto unasomwa mara mbili: kwanza ukiwa jirani na ulimi, halafu ukiwa jirani na katikati. Kwa hiyo lazima ujitosheleze. Sentensi yake isivuke mkunjo, na hesabu ya hatua isianzie hapo. Tukaweka pale namna ya kuutambua ugonjwa, picha ile ya unga na mistari michache. Kwenye ulimi yakaenda mambo ya kufanya kabla ya kuwasha mashine: kufunika pua, mdomo na macho, kutoka alfajiri umande ungali majanini na upepo umetulia. Kushoto na ulimi vikasomeka pamoja kama mtu anayejiandaa: nautambua, najikinga. Ukiinua ulimi, kazi yenyewe inaanza na kwisha bila kukatwa. Katikati ni hatua zote tano, pamoja na kipimo cha gramu 250 kwa kila mkorosho mkubwa kwa kila mpulizo. Kulia ni jedwali la mipulizo mitano, siku 14 kati ya mmoja na unaofuata, na mbele ya kila mpulizo mstari mtupu wa kuandika tarehe.

Historia ya chama tuliipunguza ikawa mistari minne, ikaenda mgongoni pamoja na zile nembo mbili na namba ya simu. Mzee mwenyekiti hakufurahi mwanzoni. Nilimpa kipeperushi kilichokunjwa akifungue mwenyewe, polepole, na alipofika kwenye jedwali akaomba kalamu. Hakurudi tena kwenye suala la historia.

Upande wa uchapaji, mambo mawili yalitaka kutuangusha. La kwanza ni upana. A4 ina milimita 297, na wengi huigawa 99 kila ukurasa. Ulimi wenye 99 unagonga mkunjo, unajikunja pembeni na kipeperushi hakilali, kinabaki kimebenuka kama kimelowa. Ulimi upe 97, kurasa nyingine 100 kila moja. Kumbuka ulimi uko kushoto kwa nje, ila kwa ndani upande wake wa pili ni ukurasa wa kulia. Kwa hiyo vipimo vya nje ni 97, 100, 100, na vya ndani ni 100, 100, 97. Ukivipanga sawasawa pande zote mbili, mkunjo utapita juu ya herufi upande mmoja. La pili ni kugeuza karatasi kwenye printa. Karatasi ikiwa imelazwa, chagua `Flip on short edge`. Ukichagua ile nyingine, kurasa za ndani zitatoka kichwa chini miguu juu. Chapa moja, ikunje, ifungue, ndipo uchape zilizobaki.

Picha ya ugonjwa nayo ilinirudisha mezani. Nilijua vijijini kipeperushi kitatolewa fotokopi, nyeusi na nyeupe. Unga mweupe juu ya maua ya rangi hafifu ukipita kwenye fotokopi unapotea wote, linabaki shada lisilo na ugonjwa chini ya maneno yanayosema lina ugonjwa. Tulitafuta picha nyingine, shada likiwa mbele ya jani zee lenye kivuli kizito, tukaipitisha fotokopi mara mbili mfululizo. Unga ukaendelea kuonekana.

Msimu ukiwa umeshika kasi nilipita kwenye ghala la chama kile. Kipeperushi kimoja kilikuwa kimebandikwa mlangoni kwa misumari minne, kimefunguliwa chote, ndani kukiwa nje, na tarehe mbili za mwanzo zimejazwa kwa kalamu ya bluu. Mbele na mgongo vilikuwa vimelalia mbao, na namba ya simu niliyoiweka mgongoni hakuna aliyeweza kuisoma. Toleo linalofuata namba inahamia chini ya jedwali, upande wa kulia, hata kama itanibidi nipunguze urefu wa mistari ya tarehe.