"Lini Una Nafasi?" Nafasi Ninayo, Nguvu ya Kukujibu Ndiyo Sina

Kuna sentensi moja ambayo ingefaa isimamishwe pale Malaba na kutozwa ushuru kabla haijaingia Uganda: "Naomba tuonane, lini una nafasi?" Inakuja kwa baruapepe, kichwa chake "Salamu", na aliyeiandika anajiona ana adabu kupita maelezo. Eti ameniachia uhuru. Uhuru gani huo, sebo? Umenibwagia kazi yako yote: nifungue kalenda yangu, niikisie ya kwako, nibuni tutazungumza nini, nitafute na mahali, halafu nikuandikie kana kwamba mwenye shida ni mimi.

Na ukimjibu ndipo unapojua umeingia mahali. "Wiki ijayo." Siku gani? "Jumatano." Jumatano ni Siku ya Mashahidi, watu wako Namugongo. "Haya, Alhamisi." Saa ngapi? "Saa nne." Saa nne hii yetu au ile ya kwenye kompyuta? Wapi? Nani mwingine anakuja? Na hatimaye, jibu la tisa au la kumi, mtu anakumbuka kuuliza: kwani kikao chenyewe kinahusu nini? Jamani, muda huo kikao kingekuwa kimeshakwisha na chai imeshanywewa.

Dawa yake ni baruapepe moja ambayo mpokeaji anaweza kuijibu kwa herufi moja akiwa amekaa nyuma ya boda. Tuchukue mfanyabiashara wa matairi wa Kampala anayemtaka wakala wake wa mizigo wa Mombasa. Kontena limechelewa bandarini, gharama za kuhifadhi zimepanda, kila mmoja anamtazama mwenzake. Ni Ijumaa tarehe 29 Mei 2026. Anaandika hivi:

Kichwa: Kikao dk 30, kontena la matairi, 4–8 Juni

Ndugu yangu, habari za kazi.

Naomba tuzungumze kwa simu ya video dakika 30, tukubaliane nani analipa gharama zipi za kontena lililochelewa. Chagua nafasi moja, unijibu kwa herufi tu:

A. Alhamisi 4 Juni, saa 4:00 hadi 4:30 asubuhi (10:00–10:30)
B. Ijumaa 5 Juni, saa 3:30 hadi 4:00 asubuhi (09:30–10:00)
C. Jumatatu 8 Juni, saa 9:00 hadi 9:30 alasiri (15:00–15:30)

Ajenda:
1. Kuhakiki tarehe kontena lilipoingia na kutoka bandarini (dk 5)
2. Kuamua nani analipa gharama ipi (dk 15)
3. Kukubaliana nani atashughulikia hati zipi za kontena lijalo (dk 5)

Ankara nimeiambatisha, kurasa mbili. Upande wetu tutakuwa mimi na mhasibu. Nafasi hizi nimekushikia mpaka Jumanne 2 Juni, saa 10:00 jioni (16:00). Kama zote hazikufai, nipe mbili zako kabla ya tarehe 11. Tarehe 9 huku kwetu ni sikukuu. Ukichagua tu, nakutumia mwaliko wa kalenda wenye kiungo.

Basi. Imekwisha. Hakuna "natumaini baruapepe hii inakukuta ukiwa buheri wa afya wewe na familia yako yote na mifugo". Ombi liko kwenye sentensi ya kwanza baada ya salamu, kwa sababu simu inamwonyesha mtu kichwa na kamstari kamoja tu. Ukijaza kamstari hako dua na pongezi, ataona dua, atasema amina, ataendelea na mambo yake.

Sasa tazama zile tarehe, maana ndiko watu wanakoumbuka. Mtu anafungua kalenda, anaona wiki ya kwanza ya Juni nyeupe pe, anatoa Jumatatu, Jumatano na Jumanne inayofuata, anajiona mkarimu. Jumatatu tarehe 1 ni Madaraka, Kenya nzima wako nyumbani. Jumatano tarehe 3 ni Mashahidi, Uganda wako nyumbani au njiani kwenda Namugongo. Jumanne tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa, Uganda tena. Nafasi tatu umetoa, zote hewa! Ndiyo maana huyu mwenye matairi amekwepa zote tatu, na siku ya mwisho ya kujibu akaiweka Jumanne tarehe 2. Angesema "nijibu kufikia Jumatatu" angekuwa anamdai mtu jibu siku ya mapumziko yake, halafu Jumanne asubuhi amnunie.

Ijumaa nayo ina mwenyewe. Ukimwandikia mtu wa Mombasa, au wa Kibuli hapa Kampala, ukampa Ijumaa saa saba mchana, unamwambia achague kati yako na swala. Hutashinda. Weka asubuhi, au subiri alasiri.

Na zile saa zilizoandikwa mara mbili si madoido. Ukiandika "saa 4" peke yake, Mswahili anaelewa asubuhi, na ndugu yetu ambaye Kiswahili alikutana nacho kazini anaandika 4 kwenye kompyuta, mchana, saa kumi yako wewe. Mmoja anasubiri kwenye kiungo asubuhi akitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo. Mwingine anaingia jioni, anamkuta hayupo, anaandika "naona ulisahau". Wote wawili wako sahihi, wote wawili wamekasirika. Andika saa 4:00 asubuhi, ubandike na 10:00 pembeni, ugomvi ufe hapo. Mwezi nao utaje kwa jina, maana 5/6 kuna wanaoisoma Mei tarehe 6.

Nafasi tatu zinatosha. Kuna watu wa nafasi moja: "Tuonane kesho saa tatu." Hilo si ombi, ni wito wa polisi. Na kuna watu wa nafasi kumi na moja, ambao baruapepe yao inasomeka kama ratiba ya mabasi ya kwenda Gulu. Mpokeaji anaifungua, anasema ataisoma akitulia, na kutulia kwenyewe hakuji. Tena zisiwe zote asubuhi moja. Mtu mwenye kesi mahakamani Alhamisi hawezi saa tatu, wala saa nne, wala saa tano. Umempa nafasi moja uliyoikata vipande vitatu. Changanya siku, na moja angalau iwe baada ya chakula.

Kama kikao ni cha kukutana ana kwa ana, hesabu na barabara, nyabo. Kumwita mtu wa Mukono afike Kololo saa mbili asubuhi ni kumwambia aamke na jogoo akapange foleni Jinja Road. Saa kumi na moja jioni ndiyo usiguse kabisa. Mpe saa nne na nusu au saa nane, taja jengo, ghorofa, na alama ya jirani ambayo mwenye boda anaijua. "Karibu na stendi" Kampala hii? Stendi ipi?

Tukija kwenye ajenda, hapo ndipo naomba mnishike mkono nisije nikarusha kitu. "Kujadili mambo mbalimbali." Mambo mbalimbali ndiyo nini? Nije na ankara, nije na mwanasheria, au nije na pole? Tazama zile tatu za juu: kila moja inaanza na kazi ya kufanywa. Kuhakiki, kuamua, kukubaliana. Mtu akisoma "kuamua nani analipa" anajua papo hapo kwamba akija bila idhini ya bosi wake atakuwa anapoteza muda wa watu, kwa hiyo ama anaitafuta idhini, ama anakuja na bosi. Ukimwandikia "kujadili gharama", atakuja, atajadili vizuri sana, na mwisho atasema, "Ngoja nikaulize ofisini." Kikao cha pili hicho kimezaliwa.

Jumlisha na dakika zake: tano, kumi na tano, tano. Ishirini na tano. Zile tano zilizobaki ni za "unanisikia? mimi sikusikii, washa maiki", na ole wako uzipangie kazi. Ukiona hoja zako zinafika sita, huna kikao cha nusu saa. Una warsha, na warsha watu wanauliza chakula.

Halafu kuna ufundi wa kushikilia. Ukitoa A, B na C, zizibe zote tatu kwenye kalenda yako mwenyewe, ziandike "SHIKILIA", na usimwalike mtu yeyote humo. Wapo wanaotuma mialiko mitatu ya kalenda kwa pamoja eti mtu achague. Mpokeaji mpole anabonyeza Kubali mara tatu na sasa mna vikao vitatu vya jambo moja. Mbaya zaidi ni anayetoa nafasi zilezile kwa watu wawili asubuhi moja, wote wakajibu B. Ndiyo maana kuna ule mstari wa "nimekushikia mpaka": ukipita, nafasi zinarudi kwako, unaweza kumpa mwingine bila kuitwa kigeugeu.

Jibu likija, futa mbili, tuma mwaliko mmoja saa hiyohiyo, wenye kichwa kilekile, ajenda ileile na kiungo. Kabla ya kutuma, tazama saa za eneo kwenye kompyuta: iwe Africa/Kampala au Africa/Nairobi, ni saa moja tu. Ile laptopu uliyoletewa na binamu kutoka London, kama bado inaamini iko London, mwezi wa Juni utaandika 10:00 na mwenzako ataona 12:00. Ataingia saa sita mchana, msafi, na ankara mkononi.

Akinyamaza mpaka Jumanne saa kumi ipite, usimtumie "nakukumbusha tu" tupu. Jibu juu ya baruapepe ileile, ondoa zilizopita, mpe mbili mpya. Zikinyamaziwa hizo pia, piga simu; tatizo si kalenda tena, ni gharama za kontena.

Na yupo yule wa mwisho, anayejibu "Zote ziko sawa tu, ndugu yangu." Huyo usimrudishie swali. Chukua A, tuma mwaliko, na ukibonyeza haraka atakubali kabla hajakumbuka kwamba Alhamisi ana harusi ya shemeji.