Mwalimu au mualimu: u inapogeuka w

"Ni mwalimu au mualimu? Neno si la Kiarabu, muallim? Sasa hiyo w imetoka wapi?"

Imetoka kwenye u ileile. Katika Kiarabu, kati ya u na a za neno hili kuna sauti ya koo, ain, inayozitenganisha. Waswahili wengi hawaitamki, na ikishaanguka irabu mbili zinakutana. Kiswahili kina desturi yake ya kukabili hali hiyo. Kiambishi cha umoja cha ngeli ya watu kiasili ni mu-. Mbele ya konsonanti u hudondoka: mtu, mpishi. Mbele ya a, e na i hugeuka w: mwana, mwenzi, mwizi. Neno la kigeni lilipokaribishwa katika ngeli hiyo likafuata mkondo huo, likawa mwalimu, na wingi wake walimu, kama mwana na wana.

Wanaotetea mualimu wana hoja moja nzito: mbona tunaandika chuo cha ualimu? Hapo u imekutana na a na haikugeuka. Ni kweli, lakini u hiyo ni kiambishi kingine, cha kuunda dhana, nayo ingegeuka tungepata "walimu", neno ambalo tayari ni wingi wa watu. Tena tazama uandishi, uasi, uanachama: zote zina u, na bado wenyewe ni mwandishi, mwasi, mwanachama.

Mkazo hautusaidii kuamua, maana kwa vyovyote unaangukia li. Hesabu mapigo badala yake. Mwa-li-mu ni matatu, mu-a-li-mu ni manne, na katika mazungumzo ya kawaida mimi husikia matatu. Mshairi ndiye mwenye haki ya kuchagua. Akitaka kipande cha mizani 8, "Mwalimu wetu karudi" kinatimia; na "Mualimu karejea" pia kinatimia, kwa sababu u imepewa mizani yake. Kumsahihisha hapo ni kumharibia shairi.

Nje ya ushairi naandika mwalimu bila kusita, ila sikubali kwamba kila mu- yenye irabu mbele yake ibanwe vivyo hivyo. Makubaliano ya CCM na CUF ya 1999 na 2001 huko Zanzibar yalijulikana kama Muafaka, na wengi tunatenganisha muafaka huo na jibu mwafaka. Vilevile mwongo husema uongo, ilhali muongo ni miaka kumi. Hapo tahajia inabeba maana. Mualimu haiongezi maana yoyote juu ya mwalimu. Na anayetaka neno lililobaki karibu zaidi na Kiarabu analo tayari, maalim, kama alivyoitwa Maalim Seif Sharif Hamad.