Tanuri la Mtumba la Kariobangi: Ukarabati Upi Uingie Kwenye Bei ya Mashine?

"Mwalimu, swali linasema mwoka mikate wa Kariobangi alinunua tanuri la mtumba, akalikarabati kabla ya kulitumia. Mimi nimeweka ukarabati kwenye gharama za mwaka, mwenzangu ameuongeza kwenye bei ya tanuri. Nani amekosea?"

Kwanza takwimu zenyewe. Tanuri lilinunuliwa Eneo la Viwanda kwa shilingi 600,000. Lori la kulileta Kariobangi lilitoza 25,000. Sakafu ya zege ya kulikalisha iligharimu 30,000, na kuvuta stima ya fezi tatu pamoja na kulifunga 40,000. Mota ya feni ilikuwa imeungua tangu kwa mwenye tanuri wa awali, na kuibadilisha pamoja na nyaya zake kukala 85,000. Wakati wa kulishusha kutoka kwenye lori, vijana waliliachilia upande mmoja, mlango ukabonyea. Fundi yuleyule wa mota aliunyoosha kwa 12,000. Unga na stima vya kulijaribia vilikuwa 10,000, na mafunzo ya waokaji 15,000.

Anayeweka ukarabati kwenye gharama za mwaka ana hoja. Tangu somo la kwanza la uhasibu tumefundishwa kwamba ukarabati hurudisha mali katika hali yake ya zamani bila kuiongezea uwezo, na fedha za namna hiyo ni matumizi ya uendeshaji, mahali pake ni hesabu ya faida na hasara. Tena kuna tahadhari: mhasibu asivimbishe thamani ya mali kwenye mizania kwa kila risiti ya fundi. Mwenye kuona hivi akikutana na neno "ukarabati" kwenye swali, amekwisha kuamua.

Shida ni kwamba neno hilo halisemi ni hali ipi inayorudishwa, na ya nani. Mwoka mikate huyu hakuwahi kuwa na tanuri zima likamharibikia. Alinunua tanuri bovu, na bila shaka alilipa 600,000 kwa sababu mota ilikuwa imeungua; lingekuwa zima angeombwa zaidi. Zile 85,000 ni sehemu ya bei iliyolipwa kwa fundi badala ya kulipwa kwa muuzaji. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu nambari 16 kinataka gharama ya mali ijumuishe kila kinachohusika moja kwa moja na kuifikisha mahali pake na katika hali ya kuweza kufanya kazi iliyokusudiwa. Feni isipozunguka, joto halisambai, mkate unaungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Kwa hiyo mota ni matumizi ya mtaji, yaani inaingia kwenye bei ya tanuri, sawa na lori, zege, stima na majaribio.

Hapo mwenzako anapata alama, lakini asishangilie mapema. Wengi wa upande wake wameibana kanuni ikawa moja tu: kilichotumika kabla ya siku ya kwanza ya kazi ni mtaji, cha baadaye ni uendeshaji. Ni kanuni nyepesi kukumbuka, nami nimeona ikiwaangusha watahiniwa kwenye ule mlango uliobonyea. Mlango ulinyooshwa kabla ya tanuri kuanza kazi, siku moja na mota, na fundi mmoja. Hata hivyo 12,000 hizo hazikuliongezea tanuri chochote. Liliondoka kwa muuzaji na mlango mzima, likaharibiwa na uzembe wa kushusha. Hasara ya namna hiyo haifichwi ndani ya thamani ya mashine, inabebwa na mwaka ilipotokea. Mafunzo ya waokaji nayo yalitangulia siku ya kwanza, ila kiwango hicho kinayakataa waziwazi, kwa kuwa ujuzi unakaa kwa mfanyakazi anayeweza kuondoka kesho.

Basi gharama ya tanuri ni 600,000 + 25,000 + 30,000 + 40,000 + 85,000 + 10,000, yaani shilingi 790,000. Shilingi 27,000 za mlango na mafunzo zinakwenda kwenye faida na hasara.

Kosa lako, wewe uliyeuliza, lina ukubwa gani? Tuseme tanuri litatumika miaka 5, uchakavu, yaani sehemu ya gharama yake inayotozwa kila mwaka, ni sawa kila mwaka, na mwishoni halina thamani. Kwa hesabu sahihi, uchakavu ni 158,000 kwa mwaka. Kwa hesabu yako tanuri lingeandikwa 705,000, uchakavu ungekuwa 141,000, na juu yake ungeweka 85,000 za mota. Mwaka wa kwanza ungebeba 226,000 badala ya 158,000, faida ikapungua kwa 68,000. Kisha kila mmoja wa miaka minne inayofuata ungeonyesha faida iliyozidi kwa 17,000, na 17,000 mara nne ni 68,000 zilezile. Ndiyo maana watahini hupenda kuuliza marekebisho ya faida: anayerudisha 85,000 zote na kusahau uchakavu wa 17,000 juu yake anapata nusu ya jibu.

Kuna kesi mbili za kodi za Uingereza ambazo mimi huwarudia wanafunzi wangu kila mjadala huu unapowaka. Katika ile ya Law Shipping ya 1923, meli ilinunuliwa ikiwa imepitiliza muda wa kukaguliwa, ikasafiri kwanza, ikatengenezwa iliporudi. Mahakama ilisema matengenezo yaliyotokana na uchakavu wa kabla ya ununuzi ni ya mtaji, ingawa meli ilikuwa imeshafanya kazi. Katika ile ya Odeon ya 1971, majumba ya sinema yalinunuliwa yakiwa na matengenezo yaliyoahirishwa wakati wa vita, lakini yalikuwa yakiingiza fedha na bei haikushushwa kwa sababu hiyo. Matengenezo hayo yakakubaliwa kuwa ya uendeshaji. Hukumu za kodi haziamui swali la vitabu, ila zinaonyesha mambo mawili yenye uzito kuliko tarehe: je, mali iliweza kufanya kazi ilivyonunuliwa, na je, ubovu ulishusha bei? Kama tanuri letu lingekuwa likioka vizuri na mwenyewe akalipaka rangi tu, ningekuunga mkono wewe.

Ninapokiri ugumu ni baadaye, matofali ya ndani yanayohimili moto yakichakaa na kung'olewa yote. Vitabu vya mwanzo vitasema ni ukarabati wa kawaida. Kiwango nambari 16 kinataja mfano huohuo wa kubadilisha kuta za ndani za tanuri, na kinataka gharama mpya iingizwe kwenye mali ikiwa italeta manufaa ya baadaye, mradi thamani iliyobaki ya kuta za zamani iondolewe. Kwenye karatasi ya ngazi ya kwanza, swali likisema tu "matofali yalibadilishwa kwa mengine ya aina ileile", andika uendeshaji. Swali likikupa gharama ya matofali peke yake na muda wake wa kutumika, mtahini anakuomba uyatenge kama sehemu ya mali.

Upanuzi wa jengo hauna ubishi mkubwa: ukuta ukibomolewa na chumba kipya kuongezwa, ni mtaji. Angalia tu ankara, kwa sababu mkandarasi huyohuyo mara nyingi hupaka rangi duka la zamani na kuandika jumla moja. Ankara ya 395,000 yenye rangi ya 45,000 ndani yake inaliongezea jengo 350,000 pekee.