Mchoro wa mvua ya milima, ukisomwa kutoka Malindi

"Mwalimu, mwanangu haoni vizuri, kwa hiyo mchoro wa mvua ya milima husomewa kwa maneno: 'Bahari iko kushoto. Mishale inatoka baharini na kupanda mlima. Juu ya mteremko A kuna wingu na mvua. Mteremko B, upande wa pili, ni mkavu.' Je, maneno haya yanamtosha au yanampotosha? Sisi huku Malindi hatuna mlima na mvua tunapata."

Mwenzangu mmoja ninayefundisha naye jiografia angekujibu, dada, kwamba yanatosha, na hoja yake si dhaifu. Sentensi hizo nne zimeshika mambo yote yanayoonekana kwenye mchoro, na kwa mpangilio ule ule ambao upepo unasafiri: kwanza bahari, kisha mteremko, kisha wingu, kisha ukavu. Mtoto akizishika atajua upepo unaanzia wapi na mvua inaangukia wapi. Na mtoto wa pwani ana maneno mazuri zaidi kuliko herufi A na B. Manahodha huita upande unaopokea upepo goshini, na upande uliokingwa demani. Mwambie mteremko A uko goshini na B uko demani, naye atauona mlima kama jahazi lililosimama kwenye upepo.

Mimi nakubaliana naye hadi hapo. Tunaachana kwenye kile kilicho kati ya sentensi ya pili na ya tatu. Mishale inapanda, halafu ghafla kuna wingu. Hakuna kilichosemwa kuhusu kwa nini. Mtoto anayeona na asiyeona, wote wawili, hujaza pengo hilo kwa jibu moja: mlima una baridi, hewa ikiugusa inapoa, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Mfano wa gilasi niliutumia darasani kwa miaka, na sasa nautoa. Gilasi hupoza hewa kwa kuigusa. Lakini sehemu kubwa ya hewa inayovuka mlima haigusi jiwe wala udongo, na bado inapoa.

Inapoa kwa sababu inatanuka. Hewa iliyo chini imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Mlima ukiisukuma juu, uzito huo unapungua, hewa inafumuka, na kazi ya kufumuka inakula joto lake yenyewe. Hili mtoto wako anaweza kulishika kwa vidole bila mchoro. Mpe pampu ya baiskeli, azibe tundu kwa kidole, apampu kwa nguvu, kisha aguse sehemu ya chini ya pampu: ina joto, kwa kuwa hewa imebanwa. Halafu abonyeze vali ya tairi lililojaa, akingie kiganja: hewa inayotoka ni ya baridi, kwa kuwa inafumuka. Kupanda mlima ni ile vali, na kushuka upande wa demani ni ile pampu. Akishalijua hili, nusu zote mbili za mchoro amezielewa kwa sababu moja.

Tupeleke sasa mishale hiyo kwenye milima halisi. Upepo wetu wa baharini ukielekea bara, safu ya milima unayoikuta ni Taita, ambayo kilele chake cha juu, Vuria, kina mita 2,208. Chukua hewa ya pwani yenye nyuzijoto 28, ambayo mvuke wake ungeanza kugeuka matone ikipozwa hadi nyuzi 22. Hewa ambayo bado haina wingu hupoa nyuzi 1 hivi kwa kila mita 100 inazopanda. Ungedhani basi wingu litaanza mita 600, lakini kadiri hewa inavyotanuka mvuke wake nao unatawanyika na kuwa haba zaidi, kwa hiyo kile kiwango cha 22 nacho kinashuka kidogo njiani. Viwili hivyo hukutana kwenye mita 750 hivi, nyuzi 20 na nusu. Hapo ndipo chini ya wingu. Kuanzia hapo hewa inaendelea kupanda lakini inapoa polepole zaidi, nusu nyuzi hivi kwa mita 100, kwa sababu mvuke unaogeuka matone hurudisha joto ulilochukua baharini. Ikifika kileleni ina nyuzi 13 hivi. Na hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo, ilhali ya nyuzi 13 inabeba gramu 11 tu. Tofauti hiyo ndiyo wingu, na sehemu yake ndiyo mvua.

Hesabu hii ndogo inafichua jambo ambalo sentensi zako nne haziwezi kulisema. Voi iko chini ya milima ya Taita, upande wa mashariki, upande unaoelekea bahari. Kwa mchoro, Voi ni goshini, ilipaswa kuwa na mvua. Lakini Voi ni kavu, kichaka na vumbi jekundu, ilhali Wundanyi huko juu hupata mvua zaidi ya mara mbili ya yake. Sababu si kivuli cha mvua, yaani ule ukavu wa upande wa demani. Voi haifiki mita 600 juu ya usawa wa bahari. Hewa inapopita pale bado haijafika kwenye kimo cha wingu. Tena ardhi ya Voi mchana huwaka, inaipasha hewa moto, na kimo cha wingu kinazidi kwenda juu. Ndiyo maana asubuhi ukungu huwa umelala kwenye misitu ya Taita, na kufikia adhuhuri vilele mara nyingi viko wazi. Kwa hiyo kusema "goshini pana mvua" hakutoshi. Ni goshini, na juu ya kimo ambacho wingu linaanza.

Wala usimruhusu aamini kwamba ukizidi kupanda ndivyo mvua inavyozidi. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mvua huwa nyingi kupita kote karibu na mita 2,200, ndani ya msitu. Ukipanda zaidi inapungua, na karibu na kileleni ni kidogo mno, kwa sababu hewa iliyofika huko mvuke wake mwingi umeshabaki chini. Michoro mingi huchora matone mazito kabisa juu ya ncha ya mlima, na hilo ni kosa la mchoraji.

Upande wa demani mwenzangu hufundisha kwamba ni mkavu kwa sababu maji yameisha. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Hewa yetu ya nyuzi 13 ikishuka kutoka kileleni hadi mita 700, na matone yote yakiwa yameshaanguka, itapata joto nyuzi 1 kwa kila mita 100 na kufika chini ikiwa na nyuzi 28. Upande wa goshini, kwenye kimo hicho hicho, ilikuwa na 21. Hata mvuke uliobaki haugeuki matone tena katika hewa iliyopashwa kiasi hicho. Kwa kawaida tofauti huwa ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya wingu haianguki kama mvua, bali huvuka kilele na kuyeyuka tena upande wa pili, na kule kuyeyuka kunakula joto.

Lakini pingamizi kubwa kuliko yote liko kwenye swali lako lenyewe: Malindi hakuna mlima na mvua tunapata. Mbona? Kwa sababu mlima ni njia moja tu ya kuipandisha hewa. Mvua yetu ya mwaka huja wakati ule pepo za kusini na za kaskazini zinapokutana juu yetu. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, nazo hutanuka na kupoa vile vile, bila jiwe hata moja kuhusika. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Malindi na Lamu pia.

Tazama kisha Julai. Kusi inavuma kwa nguvu kutoka baharini, ina mvuke, na Taita imesimama palepale. Kwa mchoro, huo ndio ungekuwa msimu wa mvua kubwa milimani. Sivyo. Miezi hiyo huleta ukungu na manyunyu, kwa sababu juu ya hewa ya kusi huwa pametanda hewa yenye joto zaidi na kavu, inayoifunika kama kifuniko cha sufuria. Mlima unaisukuma hewa juu, nayo inagonga kifuniko na kusambaa, na wingu linabaki jembamba. Mvua kubwa za milimani husubiri misimu ile ile inayoleta mvua kwetu tambarare. Kwa maneno mengine, mchoro unaeleza vizuri mvua itaangukia wapi zaidi, na hauelezi lini.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mtoto aliyekariri mchoro akiulizwa kwa nini Garissa ni pakavu atajibu, "Kivuli cha mvua." Mwulize mlima uko wapi. Kati ya Lamu na Garissa ni tambarare tupu. Hewa ya baharini hufika kule, ila hupita ikitawanyika badala ya kujikusanya, na hakuna kinachoipandisha.

Pamoja na hayo yote sikubaliani na wanaotaka mchoro uondolewe kwa watoto wa pwani eti hauwahusu. Mpeleke mwanao kwenye daraja la Sabaki msimu wa mvua, hata siku ambayo Malindi kumekucha kweupe, asikilize mto ulivyojaa, kisha aguse maji yake mazito ya tope. Mto Athi unaanzia kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, Tsavo unaleta maji kutoka Kilimanjaro, vinakutana na kuitwa Galana, na kwetu unakuwa Sabaki. Mvua iliyodondoshwa na milima ile hupita nchi kavu yote hadi hapa, na ndiyo inayoipaka bahari yetu rangi ya udongo.

Kwa hiyo msomee zile sentensi nne, lakini baada ya ile ya pili ongeza mbili: "Hewa inapopanda inatanuka, na kwa kutanuka inapoa. Ikifika kimo fulani, mvuke wake unaanza kugeuka matone." Na mwishoni ongeza moja: "Hewa inaposhuka upande wa B inabanwa, inapata joto, na wingu linayeyuka." Akisomewa hivyo, mwulize Voi iko wapi kwenye mchoro huo. Akikujibu kwamba iko upande wa A, chini ya wingu na si ndani yake, huna haja ya kumtafutia maelezo mengine.