Gurudumu halikatai kuinama, linageukia kwingine

Kuna jibu moja limeniudhi na siwezi kulinyamazia. Mpwa wangu yuko kidato cha tano hapa Masasi, na majuzi aliniletea daftari lake la fizikia. Swali lilikuwa: kwa nini gurudumu la baiskeli linalozunguka ni gumu kuliinamisha kuliko lililosimama? Jibu, tena limepigiwa vema jekundu: "Kwa sababu momentamu ya mzunguko haibadiliki." Nikamuuliza, haibadiliki vipi wakati wewe mwenyewe unaibadilisha kwa mikono yako? Akasema, "Mjomba, ndivyo tulivyoandikiwa ubaoni."

Momentamu ya mzunguko ni kipimo cha mbio za kitu kinachozunguka, na sentensi hiyo ni kweli pale tu ambapo hakuna mtu wala kitu kinacholisokota gurudumu. Likizunguka hewani peke yake, ekseli yake itabaki imeelekea kulekule. Hilo nakubali. Lakini swali linahusu mtu anayeliinamisha, na kuinamisha ndiko kusokota kwenyewe. Mtoto kapewa vema kwa jibu la swali jingine, na kinachoniuma ni kwamba jibu la kweli linashikika kwa mikono kwenye kibanda chochote cha fundi baiskeli, Masasi, Newala au Nachingwea.

Chukua gurudumu la mbele la ile baiskeli kubwa ya inchi 28. La nyuma liache, mnyororo na friwili vitakusumbua. Shika ekseli kwa mikono miwili, nati ya kushoto na ya kulia, gurudumu likiwa wima mbele ya kifua. Mwenzio alizungushe kwa kasi, sehemu ya juu ikienda mbele, ikikukimbia. Vidole viwe mbali na spoki. Sasa jaribu kuliinamisha kushoto: mkono wa kushoto shusha, wa kulia pandisha. Haliinami ulivyotaka. Linageuka kama baiskeli inayokata kona kushoto, mkono wa kushoto ukivutwa kifuani na wa kulia ukisukumwa mbele.

Kwa nini? Usiliangalie gurudumu zima. Chagua kipande kimoja cha tairi, tuseme pale penye valvu, pake chaki, kifuate kwa macho ya akili. Kikiwa nyuma, karibu na kifua chako, msukumo wako wa kushoto bado haujakigusa. Kinapanda, kinapita juu, kinaanza kushuka upande wa mbele, na njia hiyo yote ya nusu ya juu unakisukuma kushoto. Kwa hiyo mwendo wa kushoto kinaukusanya kidogo kidogo, na unafikia kilele kipande kikiwa mbele kabisa, si kikiwa juu. Kisha kinaingia nusu ya chini, ambako mikono yako inasukuma kulia. Mwendo wa kushoto unaliwa, unakwisha, unakuwa wa kulia, na kipande kinafika nyuma kikienda kulia kwa nguvu.

Kila kipande cha tairi kinafanya vivyo hivyo kwa zamu yake. Mbele vyote vinapita vikienda kushoto, nyuma vyote vinapita vikienda kulia. Gurudumu ambalo mbele yake inaenda kushoto na nyuma yake inaenda kulia limegeuka kona. Ni sawa na kumsukuma ubavuni mtu anayekimbia: haangukii pale ulipomgusia, anaangukia mbele, mbio zake zilikompeleka. Gurudumu lililosimama halina mbio hizo. Kipande cha juu kinabaki juu, kinaendelea kusukumwa kushoto, na gurudumu linalala kushoto.

Momentamu ya mzunguko ni hesabu ya kupima mbio hizo kwa pamoja. Zidisha uzito wa ringi na tairi, kwa kasi yake, kwa umbali wake kutoka katikati. Tuchukulie ringi, tairi na tyubu ni kilo 2, umbali ni mita 0.33, na gurudumu linazunguka mara 4 kwa sekunde. Kasi ya tairi inakuwa kama mita 8.3 kwa sekunde, na jibu letu ni karibu 5.5. Kiasi hiki kina uelekeo pia, nao unalala kwenye ekseli. Ukigeuza ekseli umegeuza ile 5.5 nzima, na kuigeuza kunadai msokoto.

Msokoto kiasi gani? Sema unataka kuliinamisha robo duara kwa sekunde moja, kwa lazima, bila kuliruhusu likate kona. Kasi hiyo ya kuinamisha ni radiani 1.57 kwa sekunde, zidisha kwa 5.5, unapata msokoto wa kama 8.6. Ekseli ina urefu wa sentimita 14 hivi, yaani mita 0.14. Gawanya, na kila mkono unadaiwa nguvu ya kama newtoni 61, sawasawa na kubeba kilo 6, mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma. Na hapa ndipo wengi wanapopotea: nguvu hiyo haiendi kwenye kuinamisha. Inaenda kwenye kuzuia kona. Ule ugumu unaousikia kwenye viganja ni wewe kupigana na gurudumu lisigeukie kushoto.

Siombi uniamini kwa maneno. Rudisha gurudumu kwenye baiskeli. Mmoja ashike fremu na kuinua upande wa mbele, tairi la nyuma likiwa limekaa chini, na gurudumu la mbele lizungushwe kwa nguvu likielekea mbele. Inamisha fremu kushoto kwa haraka: usukani utakata kushoto wenyewe, hakuna aliyeugusa. Rudia, lakini safari hii mtu wa pili asimame imara na kuushikilia usukani usigeuke hata kidogo. Anayeinamisha atashangaa. Gurudumu linazunguka kwa kasi ileile, na kuinama ni kwepesi kama limesimama. Anayepata kazi ni yule wa usukani, yeye ndiye anayesokotwa mikono.

Kama kuzunguka kungekuwa kunalifanya gurudumu "likatae", lingekataa hapo pia. Halikatai. Liachie njia ya kukata kona, litaikata badala ya kulala. Izibe njia hiyo, na ukinzani wa kuinama unatoweka, mzigo wote unahamia kwa aliyeziba. Jibu la "haibadiliki" haliwezi kueleza jambo hili hata chembe.

Jaribio likigoma, chunguza gololi kwanza. Habu iliyokazwa sana au iliyokauka grisi inaua mzunguko kabla hujainamisha, na 5.5 yako imeshakuwa 1. Kwa gurudumu la baiskeli ya mtoto usitegemee mengi, maana uzito ni mdogo na umbali kutoka katikati ni mdogo.

Najua mtu atasema basi ndiyo maana baiskeli haianguki ikiwa mwendoni. Jambo hili linachangia, lakini si sababu peke yake. Mwanasayansi Mwingereza David Jones aliandika mwaka 1970 jinsi alivyoongeza gurudumu la pili linalozunguka kinyume ili kufuta athari hii, na bado aliiendesha baiskeli yake vizuri tu.

Mpwa wangu nimemwambia afute ile sentensi na aandike hivi: msukumo wa kuinamisha unakusanywa na vipande vya tairi vikiwa safarini, ukomavu wake unaonekana robo mzunguko mbele, kwa hiyo ekseli inageuka kwa pembe mraba na pale ulipoisukuma. Akinyimwa alama kwa hilo, nitakwenda shuleni na gurudumu mkononi.